Wamepata Nafuu Kuliko Nani?

Mwaka 2004 kijiji cha Sauri, karibu na mji wa Yala magharibi mwa Kenya, kilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia Mradi wa Vijiji vya Milenia, ulioongozwa na mchumi Jeffrey Sachs wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mbolea, mbegu bora, vyandarua, huduma za afya na chakula cha mchana shuleni viliingia kijijini kwa pamoja. Miaka michache baadaye ripoti zikaanza kutoka, zikiwa na takwimu za kufurahisha. Miongoni mwake ilikuwamo hii: idadi ya kaya zenye simu ya mkononi imepanda maradufu na zaidi.

Wachumi wawili, Michael Clemens na Gabriel Demombynes, wakafanya kitu ambacho hata karani wa wilaya angekiweza. Walichukua takwimu za serikali ya Kenya wakaangalia simu zilivyoongezeka kwenye vijiji ambavyo mradi haukuvikanyaga. Huko nako zilikuwa zimepanda, tena kwa kasi iliyolingana na ya Sauri. Ndiyo miaka ambayo Mkenya wa kijijini, awe na mradi au asiwe nao, alinunua simu. Kwenye mambo mengine Sauri ilikuwa mbele ya wenzake, lakini pengo lilikuwa dogo kuliko lile lililoonekana pale kijiji kilipolinganishwa na hali yake yenyewe ya zamani.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini ripoti ya tathmini ya mradi wa majaribio huwa na makundi mawili, la walioshiriki na la wasioshiriki. Kusema kwamba walengwa wamepata nafuu hakutoshi. Lazima tujue wamepata nafuu kuliko nani. Na tukishajua hilo, yapo maswali mengine ambayo majibu yake hukaa kwenye sehemu ya ripoti isiyosomwa na wengi, ile ya mapungufu. Ripoti moja ya Tanzania inatufaa kwa kuyachambua yote mawili.

Vijiji 80 na kura moja

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kulipa fedha kwa kaya maskini sana kwa majaribio mnamo Januari 2010. Majaribio yalifanyika katika wilaya tatu: Bagamoyo na Kibaha mkoani Pwani, na Chamwino mkoani Dodoma. Kila baada ya miezi miwili kaya ilipokea kiasi kilicholingana na dola 12 hadi 36 za Marekani, kutegemea idadi ya watoto na wazee waliomo. Fedha zilikuja na masharti. Watoto wadogo wapelekwe kliniki angalau mara sita kwa mwaka, wazee wa miaka 60 na zaidi waende kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na watoto wa miaka 7 hadi 15 waandikishwe shule na wahudhurie kwa asilimia 80 au zaidi. Kaya iliyokiuka ilionywa, na ikiendelea malipo yalipunguzwa.

Kilichofanya majaribio haya yapimike ni kazi iliyofanyika kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Vijiji 80 viliwekwa kwenye orodha, na katika kila kimoja wanakijiji wenyewe walibainisha kaya zilizo maskini kupita nyingine. Baadaye ndipo kura ikapigwa: vijiji 40 viingie kwenye mpango, vijiji 40 vibaki kuwa vya kulinganisha.

Mpangilio huo una maana kubwa. Tuseme TASAF ingetangaza kwamba kaya zinazotaka kushiriki zijiandikishe, kisha ikalinganisha waliojiandikisha na wasiojiandikisha. Mwenye bidii ya kufuata fomu kwa mtendaji wa kijiji huenda ndiye huyohuyo mwenye bidii ya kumpeleka mtoto kliniki, mpango uwepo usiwepo. Tofauti ambayo ingeonekana mwishoni ingekuwa imeanza siku ya kujiandikisha. Au tuseme kaya maskini za kijiji chenye mpango zingelinganishwa na kaya za kawaida za kijiji jirani. Hapo mpango ungeonekana umeshindwa hata kama umefanya kazi nzuri, kwa sababu walengwa walianzia chini. Kwa kuwa kaya zilibainishwa kwenye vijiji vyote 80 kwanza, wasioshiriki walikuwa watu wa aina ileile ya walioshiriki: kaya ambazo zingelipwa laiti kura ingeangukia upande wao.

Kura yenyewe ilipigwa kwa vijiji, si kwa kaya. Sababu mojawapo ni ya kiutu, maana ni vigumu kumweleza mama mwenye watoto wanne kwamba jirani yake mwenye hali kama yake analipwa yeye halipwi. Sababu nyingine ni ya kitaalamu. Kaya mbili za kijiji kimoja hukopeshana, hugawana chakula na huambukizana magonjwa. Mpango ukimsaidia mmoja, mwenzake naye hunufaika kidogo, na tofauti kati yao hupungua ingawa mpango umefanya kazi.

Jambo hilo liliwahi kuonekana wazi huko Busia, Kenya, ambako wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza mradi wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule 75 za msingi, ulioanza mwaka 1998. Mtoto aliyemeza dawa aliacha kusambaza mayai ya minyoo, na hata wanafunzi wasiomeza wakaambukizwa kwa nadra zaidi. Mtu ambaye angelinganisha mwanafunzi mmoja na mwingine ndani ya darasa moja angedhani dawa haifanyi kitu kikubwa. Ndiyo maana walilinganisha shule na shule.

Kupiga kura kwa vijiji kuna gharama yake. Katika utafiti wa TASAF walihojiwa watu wa kaya zaidi ya 1,700, na msomaji akiona idadi hiyo huona ushahidi ni mwingi. Lakini kaya za kijiji kimoja hushiriki mvua moja, zahanati moja na mwalimu mkuu mmoja. Mvua zikikosekana zinaumia zote. Kwa hiyo kila kaya ya ziada ndani ya kijiji kilekile huongeza habari kidogo tu, na nguvu ya utafiti inategemea zaidi idadi ya vijiji. Ripoti inayotangaza maelfu ya waliohojiwa huku ikiwa na vijiji vitatu upande huu na vitatu upande ule ina ushahidi mwembamba, hata kama majedwali yake ni manene.

Hesabu ya tofauti mbili

Wadodosaji walipita kwenye kaya hizo mara tatu: mwanzoni mwa 2009 kabla ya malipo, katikati ya 2011 baada ya takriban mwaka mmoja na nusu wa malipo, na mwishoni mwa 2012 baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu. Ziara ya kwanza inaitwa utafiti wa awali, na kazi yake ni mbili. Kwanza inaonyesha kama kura ilitenda haki, yaani kama makundi mawili yalifanana mwanzoni kwa umri, elimu, ukubwa wa kaya na hali ya nyumba. Kwenye ripoti hilo hukaa kwenye jedwali lenye safu mbili za takwimu kando kwa kando. Jedwali hilo likikosekana kabisa, msomaji ana haki ya kuuliza limekwenda wapi. Pili, linawezesha hesabu ambayo ndiyo moyo wa ripoti.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua mfano wa takwimu nilizozibuni kwa ajili ya kukokotoa tu. Kabla ya mpango, katika vijiji shiriki kaya 30 kati ya 100 hula milo mitatu kwa siku. Mwishoni zinafika 55. Katika vijiji vya kulinganisha zilikuwa 34 mwanzoni, na mwishoni ni 46.

Mwenye kuutetea mradi atasema umeongeza kaya 25 katika kila 100, kwa kuwa 55 ukitoa 30 ni 25. Mwenye kuupinga atasema umeongeza 9 tu, kwa kuwa 55 ukitoa 46 ni 9. Wote wawili wanatumia takwimu za kweli na wote wamekosea. Wa kwanza amesahau kwamba kaya 12 katika kila 100 zingepanda hata bila mradi, kama ilivyotokea kwa wenzao, labda kwa sababu mavuno yalikuwa mazuri. Wa pili amesahau kwamba walengwa walianza wakiwa nyuma kwa 4. Jibu ni kutoa ongezeko la wasioshiriki kwenye ongezeko la walioshiriki: 25 toa 12, sawa na 13. Hiyo ndiyo sehemu ya mabadiliko inayoweza kuhesabiwa kuwa ni ya mradi.

Hesabu hiyo nayo ina sharti. Inachukulia kwamba bila mradi makundi yote mawili yangekwenda mwendo mmoja. Kura hulipa sharti hilo uzito, kwa sababu hakuna aliyechagua kijiji kipi kiingie. Pasipo kura, kwa mfano pale mradi unapopelekwa kwanza kwenye vijiji vilivyo kando ya barabara ya lami, sharti hilo huanguka mara moja. Kijiji cha barabarani kilikuwa na mwendo wake hata kabla ya mradi kufika.

Zahanati: kupanda, kisha kushuka

Sasa tuangalie matokeo, tena kwa kukaa kwenye jambo moja lililowasumbua watafiti wenyewe: ziara za watoto wadogo kliniki.

Utafiti wa kati, mwaka 2011, ulionyesha watoto wa kaya shiriki wakienda kliniki mara nyingi zaidi kuliko watoto wa vijiji vya kulinganisha, na tofauti ilikuwa kubwa. Kama utafiti ungeishia hapo, kichwa cha habari kingekuwa chepesi: lipa fedha kwa masharti, watoto watapelekwa kliniki. Utafiti wa mwisho ulipofanyika mwaka uliofuata, tofauti hiyo haikuwapo tena. Kama ungefanyika huo wa mwisho peke yake, kichwa cha habari kingekuwa kinyume chake: masharti hayafanyi kazi.

Hata hivyo utafiti uleule wa mwisho ulikuwa na jambo jingine. Watu wa kaya shiriki waliugua kwa siku chache zaidi kuliko wenzao. Kwa wastani wa watu wote, kupungua kulikuwa takriban nusu siku kwa mwezi. Kwa watoto wadogo kulikaribia siku nzima. Kaya hizo pia zilikuwa zimejiunga kwa wingi zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, na zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwanunulia watoto viatu. Viatu si urembo tu kijijini. Mtoto anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu ndiye anayeingiliwa na safura, minyoo inayopenya kwenye ngozi ya mguu.

Tuunganisheje mambo haya? Maelezo yanayokubaliana na takwimu ni kwamba ziara nyingi za mwanzo, pamoja na chakula, viatu na bima, zilipunguza maradhi, na asiyeumwa hana sababu ya kurudi zahanati kila mara. Lakini yapo maelezo mengine. Inawezekana mwanzoni akina mama walienda kliniki kupita kiasi kwa kuogopa kukatwa malipo, kisha wakajifunza kiwango kinachotakiwa. Inawezekana ufuatiliaji wa masharti ulilegea kadiri muda ulivyopita. Inawezekana foleni na upungufu wa dawa viliwachosha. Kupungua kwa siku za kuugua kunayapa nguvu maelezo ya kwanza, ila hakuyafuti haya mengine. Kulinganisha makundi mawili kunatuambia kwamba mpango ulileta tofauti. Njia ambayo tofauti hiyo ilipita ni swali jingine, linalohitaji ushahidi mwingine, na ripoti nzuri haiyachanganyi mawili hayo.

Katika elimu, tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa kwenye idadi ya watoto waliowahi kuandikishwa shule na waliomaliza darasa la saba. Kwenye akiba jibu lilikuwa la namna ya tatu: kwa wastani hakukuonekana tofauti ya kuaminika, lakini watafiti walipoichambua nusu ya kaya maskini zaidi peke yake, akiba ya nje ya benki ilikuwa imeongezeka.

Jibu hilo la akiba linataka usomaji wa makini. Kusema hatukuona tofauti hakulingani na kusema tofauti haipo. Pengine ilikuwapo ndogo, na vijiji 80 havikutosha kuiona. Kwa upande mwingine, ukiigawa sampuli kwa umaskini, kisha kwa jinsia, kisha kwa umri, kisha kwa wilaya, mwisho utapata kikundi ambacho mradi unaonekana kukifaa, kwa bahati tu. Kati ya vipimo 20 visivyo na tofauti yoyote ya kweli, kimoja hivi kinaweza kuonekana kina tofauti kwa kiwango kinachokubalika na wanatakwimu wengi. Kwa mpango uliolenga walio maskini sana, kuwatazama maskini zaidi peke yao kulikuwa na mantiki tangu mwanzo. Lakini ripoti inapoleta ghafla habari njema kuhusu, tuseme, wasichana wa miaka 12 hadi 14 wa wilaya moja tu, muulize mwandishi kama kikundi hicho kilitajwa kabla ya takwimu kukusanywa au kiligunduliwa baadaye.

Udhaifu una mwelekeo

Karibu kila ripoti ya tathmini ina ukurasa wa mapungufu. Mara nyingi umeandikwa kama dua ya kufungia kikao: sampuli ilikuwa ndogo, muda ulikuwa mfupi, baadhi ya watu hawakupatikana. Hayo ni kweli na hayamsaidii msomaji. Udhaifu uliosemwa kwa uaminifu unaeleza unavuta matokeo upande gani. Je, unayafanya yaonekane makubwa kuliko yalivyo, au madogo? Nitachukua manne, ambayo mtu anayejua utafiti wa aina hii angeyaandika kuhusu majaribio kama ya TASAF.

La kwanza ni majibu ya mdomo. Swali la ugonjwa huulizwa hivi: katika wiki nne zilizopita, kuna mtu wa kaya hii aliyeumwa? Aliumwa siku ngapi? Hakuna daktari anayepima. Mlengwa anaweza kujibu kwa kuwaza kwamba mdodosaji ametumwa na wale wanaomlipa. Akiulizwa kama mtoto amepelekwa kliniki, atavutwa kusema ndiyo, kwa kuwa hilo ni sharti la malipo. Udhaifu huo huvuta matokeo juu. Lakini kuna mvuto wa kinyume. Anayekwenda zahanati mara kwa mara hujifunza kutambua malaria au kikohozi kisicho cha kawaida, akaanza kuita ugonjwa kile ambacho zamani aliita uchovu. Huo huvuta afya ya walengwa chini kwenye takwimu. Njia ya kupunguza shaka ni kutafuta kipimo kisichotoka kinywani: kadi ya kliniki yenye tarehe zilizoandikwa na muuguzi, daftari la mahudhurio la mwalimu, uzito na urefu wa mtoto uliopimwa kwa mizani na utepe. Ripoti inapaswa kusema kipi kilitumika kwa jibu lipi.

La pili ni waliopotea njiani. Kati ya 2009 na 2012 kuna kaya zilizohama, wazee waliofariki, watoto waliopelekwa kwa shangazi mjini. Jambo la kuuliza ni wamepotea wangapi kila upande, na ni akina nani. Tuchukue wazee, ambao katika majaribio haya walikuwa miongoni mwa walengwa wakuu. Tuseme fedha zilimsaidia bibi mgonjwa kuishi hadi utafiti wa mwisho, na bibi mwenye hali kama yake katika kijiji cha kulinganisha akafariki mwaka mmoja kabla. Yule aliyeishi atahesabiwa, na ataongeza siku za kuugua kwenye kundi la walengwa. Yule aliyefariki hayumo kwenye hesabu ya ugonjwa. Mpango ungeonekana umeongeza maradhi ilhali umeongeza uhai. Kwa hiyo ripoti isiyoonyesha vifo na kuhama kwa kila kundi haijamaliza kazi, na msomaji akiona upande mmoja umepoteza watu wengi kuliko mwingine azipokee takwimu nyingine zote kwa tahadhari.

La tatu ni kifurushi. Kaya shiriki zilipata vitu vingi kwa pamoja: fedha, masharti, ufuatiliaji, na kamati ya kijiji iliyosimamia malipo. Kaya za kulinganisha hazikupata hata kimoja. Tofauti iliyopatikana ni ya kifurushi kizima. Haiwezi kutuambia kama fedha tupu bila masharti zingefikisha watoto darasa la saba, wala kama masharti yalistahili gharama ya kuyafuatilia. Ili kulijibu hilo lingehitajika kundi la tatu, la vijiji vinavyolipwa bila masharti, na halikuwapo. Udhaifu huu hauvuti takwimu juu wala chini. Unaweka mpaka wa swali. Ndiyo maana anayenukuu ripoti hii kuthibitisha kwamba masharti yanafanya kazi, na anayeinukuu kuthibitisha kwamba hayahitajiki, wote wamevuka mpaka huo.

La nne, na ndilo zito kwa wanaopanga bajeti, ni namna vijiji 80 vilivyoingia kwenye orodha kabla ya kura. Havikuokotwa kutoka vijiji vyote vya Tanzania. Vilikuwa vijiji ambavyo tayari TASAF ilikuwa imefanya navyo miradi, vikiwa na kamati za usimamizi zilizokwisha kushika fedha za umma, kutunza vitabu na kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano wa kijiji. Kura iliyafanya makundi mawili yafanane ndani ya orodha hiyo. Haikuifanya orodha ifanane na nchi. Kijiji kisicho na kamati yenye uzoefu kinaweza kuchelewesha malipo, kuandika watoto hewa, au kusahau kumwonya anayekiuka. Udhaifu huu, kwa hiyo, huvuta juu: matokeo ya majaribio yana uwezekano wa kuwa mazuri kuliko yale yatakayopatikana mpango ukienea.

Na mpango ulienea. Mwaka 2012, wakati wadodosaji wa utafiti wa mwisho wakiwa bado na madodoso mkononi au wakijiandaa kwenda, Tanzania ilikwishaanzisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao katika miaka michache ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja Bara na Zanzibar. Ripoti kamili ya majaribio ilichapishwa mwaka 2014. Uamuzi wa kupanua ulitangulia majibu ya mwisho.

Wapo watakaoona hapo kosa. Lakini serikali yenye kaya zinazolala njaa haiwezi kusubiri kila jedwali likamilike, na majibu ya mwisho hayakuja kuupindua uamuzi. Yalibadilisha sababu za kuuunga mkono: uzito ulihama kutoka idadi ya ziara za kliniki kwenda kwenye siku za kuugua, bima na kumaliza shule. Kisichoweza kutetewa ni kuchukua takwimu za vijiji 40 vyenye kamati zenye uzoefu na kuzizidisha kwa kaya milioni moja, kana kwamba nchi nzima ni Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Mpango wa kitaifa ulihitaji tathmini yake wenyewe, yenye kundi lake la kulinganisha, na baadaye ulifanyiwa.

Uaminifu wa ripoti hupimwa pia na kile kinachotokea wengine wanapoikagua. Takwimu za Busia zilipowekwa wazi, watafiti wengine walizirudia upya, na mwaka 2015 wakachapisha makosa waliyoyakuta kwenye hesabu. Matokeo ya mahudhurio kwa wanafunzi waliopewa dawa yalibaki, lakini yale ya manufaa kusambaa hadi shule za mbali yalidhoofika sana. Mabishano yalikuwa makali na hayajaisha. Yaliwezekana kwa sababu waandishi wa mwanzo walikubali kutoa mafaili yao. Mradi ambao hauruhusu mtu wa nje kuziona takwimu zake haujawahi kukutwa na makosa, wala haujawahi kutafutwa.

Basi ripoti ya mradi wa majaribio ikiletwa kwenye baraza la madiwani, kwenye kikao cha shirika au kwenye mkutano wa kijiji, anza kuisoma nyuma. Fungua kwanza ukurasa wa mapungufu, na kwa kila pungufu uliza linavuta wapi. Kisha rudi kwenye jedwali la hali ya awali uone kama makundi mawili yalifanana, na nani aliyeamua nani awe upande upi. Baada ya hapo ndipo takwimu za mafanikio zitakuwa na kitu cha kukuambia. Ukikuta hakuna kundi la kulinganisha kabisa, jua kwamba kilicho mbele yako ni taarifa ya shughuli zilizofanyika. Inaweza kuwa taarifa nzuri na ya kweli, lakini haiwezi kujibu kama fedha zilizotumika ndizo zilizoleta mabadiliko, na diwani anayeombwa kupitisha bajeti ya kupanua mradi ana haki ya kusema hivyo kikaoni.